Kununua au kukodi magari mawili ya kusambazia mizigo: anza na hesabu ya kutoka

Mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha sabuni ya maji na dawa za usafi, Tabata, Dar es Salaam, aliniletea karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya benki: mkopo wa kununua Toyota Hiace mbili za mizigo. Ya pili ilitoka kwa kampuni inayokodisha magari: Hiace mbili kwa miezi 36, kila moja shilingi milioni 1.5 kwa mwezi, bima na sevisi juu yao. Alikuwa ameshaikunja ile ya benki. "Hii ya kukodi naona ni salama zaidi. Biashara ikilegea, nawarudishia magari yao."

Nilimwomba anionyeshe ni wapi kwenye ule mkataba pameandikwa kwamba anaweza kuyarudisha. Palikuwepo, ukurasa wa sita: akivunja mkataba kabla ya muda, analipa nusu ya kodi ya miezi yote iliyobaki.

Mwongozo huu unafuata hatua tulizopitia mimi na yeye. Bei ni za mfano wake, za magari yaliyotumika ya kutoka Japani, kwa hiyo weka zako mahali pake. Mafuta na mshahara wa dereva sijaviweka kwa sababu utavilipa vilevile, gari liwe lako au la kukodi.

Hatua ya kwanza: pima kazi kabla ya kuuliza bei ya gari

Kwa wiki nne, dereva awe na daftari. Kila siku aandike mzigo uliotoka, kilomita, saa ya kurudi, na mzigo uliobaki getini kwa kukosa gari. Huo wa mwisho ndio wenye maana kuliko yote, na ndio watu hawauandiki.

Andika mzigo kwa kilo, hasa kama unauza vitu vya maji. Dumu la lita 20 la sabuni lina kilo 20 na ushei, kwa hiyo ukipakia 48 umefika tani moja, na nyuma ya Hiace bado utaona nafasi tupu. Vijana wa kupakia wanaijaza hiyo nafasi. Baada ya miezi mitatu gari linakaa kitako, springi zimelala, na tairi za nyuma zinaisha haraka. Mwenye mikate ana shida iliyo kinyume: gari linajaa makreti kabla halijahisi uzito. Ukijua shida yako ni ipi, utajua kama unahitaji gari la pili au unahitaji gari moja lenye uwezo mkubwa zaidi.

Daftari la yule mama lilionyesha kwamba gari la kwanza lingetoka siku zote 26 za kazi kwa mwezi, wateja wakiwa maduka madogo zaidi ya sitini, hata wakiondoka kumi. Gari la pili lingetoka siku 22. Lakini kati ya hizo 22, siku 13 zilitokana na mteja mmoja, mwenye hoteli kadhaa, ambaye mkataba wake ulikuwa wa miezi sita. Bila yeye, gari la pili lilikuwa na kazi ya siku 9.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Alikuwa amekuja na swali moja kuhusu magari mawili. Kumbe alikuwa na maswali mawili tofauti: gari lenye kazi ya uhakika, na gari linaloegemea sahihi ya mtu mmoja. Ukitenganisha hivyo, hulazimiki kuyapatia yote jibu moja.

Linganisha pia na kukodi kwa siku. Hiace bila mafuta wala dereva tuliipata kwa 90,000 kwa siku. Kukodi kwa mwezi, bila mkataba mrefu, ilikuwa milioni 1.75. Gawanya: ukihitaji gari siku 19 au pungufu kwa mwezi, kodi kwa siku na usiendelee na hatua zinazofuata kwa gari hilo. Siku 22 zilikuwa juu ya mstari huo, siku 9 ziko chini kabisa.

Hatua ya pili: ujue umeletewa aina gani ya kukodi

Neno "kukodi" linabeba mambo mawili. Kuna karadha, ambapo kampuni inakununulia gari, unalipa kidogokidogo, na mwisho gari linakuwa lako. Tanzania ina Sheria ya Karadha ya mwaka 2008 kwa ajili ya biashara hiyo. Bima, sevisi na kuharibika vyote ni juu yako, na thamani ikishuka imeshuka mikononi mwako. Kwa hesabu zetu hiyo ihesabu kama mkopo tu, hata kama karatasi imeandikwa "kodi ya mwezi".

Halafu kuna kukodi kwenyewe: gari ni lao mwanzo hadi mwisho, sevisi ni yao, na likilala gereji wanakuletea jingine. Ili kujua umeshika ipi, uliza swali moja: "Injini ikifa mwezi wa nane, nani analipa?" Wakisema wewe, hiyo ni karadha au mkopo uliovaa jina jingine.

Hatua ya tatu: tafuta bei ya kuuza kwa haraka

Wengi hufanya hesabu ya kununua kwa kuandika bei ya gari na riba, wakaishia hapo. Lakini gari lina bei mbili, ya kuingia na ya kutoka, na mwenye biashara isiyotabirika anatakiwa kuijua ile ya kutoka kabla hajaingia.

Njia ni rahisi. Nenda kwa madalali watatu au yadi tatu. Usiulize "gari hili baada ya mwaka litauzwa bei gani", kwa sababu utapewa jibu la kukufurahisha. Jifanye muuzaji leo. Sema una Hiace ya aina ileile, yenye mwaka mmoja zaidi na kilomita elfu thelathini zaidi, na unataka fedha ndani ya wiki moja. Chukua bei ya chini kati ya tatu, toa fedha ya dalali. Rudia kwa gari lililozidi miezi sita, kisha miaka mitatu.

Kwa Hiace ya milioni 36, ikiwa barabarani na kila kitu kimelipwa, tulipata hivi: ukiuza kwa haraka baada ya miezi sita, milioni 28.5, baada ya mwaka, 27, baada ya miaka mitatu, ukiuza kwa utulivu, 22. Hii ndiyo sababu Hiace zimejaa mitaani. Spea ziko kila kona na mnunuzi hakosekani. Ungekuwa unanunua gari la aina ngeni, hata kama ni zuri zaidi, namba hizo zingekuwa mbaya na jibu la mwongozo huu lingegeuka.

Hatua ya nne: isome riba kabla hujaiamini

Benki ilitaka mteja aweke milioni 12 na wao watoe 24 kwa kila gari, riba asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miezi 36. Rejesho linatoka kama 868,000 kwa mwezi, na riba yote kwa miaka mitatu ni milioni 7.2.

Taasisi nyingine ilimwambia asilimia 11 tu. Alifurahi mpaka tulipouliza inakokotolewa juu ya nini. Ilikuwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, kila mwaka, hata baada ya kuwa ameshalipa nusu. Milioni 24 mara asilimia 11 mara miaka mitatu ni milioni 7.92. Ile 11 ni ghali kuliko ile 18. Usilinganishe asilimia kamwe. Uliza jumla ya shilingi utakazokuwa umelipa mwisho, na uliza ukitaka kumaliza mapema unatozwa nini. Hapa benki ilitoza asilimia 3 ya salio.

Hatua ya tano: weka gharama zote kwa muda wa kutoka, siyo kwa mwezi

Sasa jumlisha kwa gari moja. Upande wa kununua kuna thamani iliyopotea, bima kubwa (tuliweka asilimia 4 ya thamani, kisha VAT juu yake, yaani kama milioni 1.7 mwaka wa kwanza), riba, adhabu ya kumaliza mkopo mapema, na shilingi 350,000 kwa mwezi za sevisi, matairi na kukodi gari la dharura siku ambazo lako liko gereji. Mfano wa kutoka baada ya mwaka: thamani iliyopotea milioni 9, bima 1.7, matengenezo 4.2, riba 3.8, adhabu 0.5. Jumla 19.2.

Tukafanya hivyo kwa miezi sita na kwa miezi 36, tukaweka pembeni ya njia mbili za kukodi. Namba ni milioni za shilingi:

| Ukitoka baada ya | Kununua na kuuza | Kukodi mwezi kwa mwezi | Mkataba wa miezi 36 |
|---|---|---|---|
| miezi 6 | 13.9 | 10.5 | 31.5 |
| miezi 12 | 19.2 | 21.0 | 36.0 |
| miezi 36 | 38.2 | 63.0 | 54.0 |

Soma safu wima ya mwisho taratibu. Mkataba aliouona kuwa ndio salama ulikuwa wa hatari kuliko yote katika miezi ya mwanzo, kwa sababu ya ule ukurasa wa sita. Baada ya mwaka angekuwa amelipa milioni 18 za kodi, na nyingine 18 za kuruhusiwa kuondoka, mikono mitupu. Aliyenunua angekuwa ameumia nusu ya hapo, kwa kuwa Hiace inauzika.

Ukikokotoa mwezi kwa mwezi, kununua na kukodi mwezi kwa mwezi vinakutana karibu na mwezi wa kumi. Kwa hiyo swali linabaki dogo na linajibika: gari hili nina uhakika nalo kwa zaidi ya miezi kumi? Kwako mstari unaweza kuwa mwezi wa saba au wa kumi na nne, kutegemea bei ya kutoka uliyoletewa na madalali.

Hatua ya sita: ujaribu mwezi mbaya

Jedwali linaonyesha gharama, lakini biashara ndogo huwa inakufa kwa kukosa fedha mkononi wakati hesabu ya mwaka mzima inaonyesha faida. Chukua mwezi wako mbaya kuliko yote katika miaka miwili iliyopita. Toa malighafi, mishahara, kodi ya pango. Kinachobaki kinaweza kulipa rejesho?

Kwa magari mawili ya mkopo, rejesho lilikuwa karibu milioni 1.74 kila mwezi, mauzo yawepo yasiwepo, na milioni 24 za kutanguliza ambazo kwake ndizo zilikuwa fedha za kununulia malighafi. Mwezi wake mbaya ulimbakishia milioni 1.3. Gari moja la mkopo lilipita mtihani huo, mawili hayakupita. Kama akiba yako ndiyo inayonunua malighafi, usiitoe yote kwa ajili ya bodi na matairi. Gari bila mzigo wa kupakia ni la mapambo.

Kumbuka pia kwamba likiwa la mkopo, kadi ya gari inakaa benki. Ile "kuuza kwa haraka" inahitaji mnunuzi akubali kusubiri salio lilipwe na kadi iachiliwe. Ulizia benki inachukua siku ngapi, na hizo siku zihesabu kama rejesho la ziada.

Hatua ya saba: kodi za serikali, kwa kifupi

Watu wanalipatia jambo hili uzito kuliko linavyostahili. Kodi ya kukodi gari unaitoa yote kama gharama ya mwaka huo. Ukinunua, gari la mizigo lenye uwezo chini ya tani 7 liko daraja la kwanza la uchakavu: asilimia 37.5 ya salio kila mwaka. Kwa milioni 36, mwaka wa kwanza unaondoa milioni 13.5 kwenye faida, na riba pia unaitoa. Tofauti ipo, ila haigeuzi jibu, na kama huna faida mwaka huo hata haina kazi.

Kinachoweza kugeuza jibu ni VAT. Tuseme umesajiliwa na bidhaa zako zinatozwa VAT. Asilimia 18 iliyo kwenye ankara ya kukodi unairudisha, na VAT iliyolipwa bandarini unairudisha pia kama gari limeingizwa kwa jina la kampuni. Ukinunua kwa mtu binafsi au yadi isiyotoa risiti ya EFD, hakuna cha kurudisha. Hakikisha pia kadi inasema ni gari la mizigo, kwa maana VAT ya gari la abiria hairudishwi kwa biashara ya kawaida. Kama hujasajiliwa, ongeza asilimia 18 kwenye kila namba ya kukodi ambayo haijajumlishwa VAT, na hapo mstari wa mwezi wa kumi utakuja mapema zaidi.

Hatua ya nane: soma mkataba wa kukodi kwa kidole

Kifungu cha kutoka umeshakiona. Omba kibadilishwe kiwe taarifa ya siku 30 au 60, au adhabu isiyozidi kodi ya miezi mitatu. Wengi wanakubali ukiomba kabla ya kusaini.

Kifungu cha kilomita: zidisha kilomita za daftari. Njia ya kilomita 90 kwa siku 26 ni 2,340, hivyo kikomo cha 3,000 kinatosha. Kikiwa 2,000 utalipa ziada kila mwezi. Kifungu cha bei: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani kuwekwa kwa fedha za kigeni, lakini angalia kama kuna sentensi inayowaruhusu kupandisha kodi ya shilingi kila dola inapopanda. Ni mlango wa nyuma.

Kisha kifungu cha hali ya gari siku ya kurudisha. Hapa mwenye sabuni na dawa za usafi awe macho kuliko mtu yeyote. Dawa ya kung'arishia yenye klorini inakula chuma. Dumu moja lenye kifuniko kilicholegea likivuja kila siku chini ya zulia la mpira, baada ya miezi michache sakafu ya gari inavimba rangi, kisha inatoboka, na hakuna anayeona mpaka zulia linyanyuliwe siku ya kukabidhi. Mkataba utaita huo uharibifu uliozidi matumizi ya kawaida, na utalipa wewe. Piga picha za sakafu siku unapopokea, mwenye gari akiwepo, na utandike karatasi nene la plastiki chini ya madumu, lipande kidogo ukutani. Safisha kwa maji kila Jumamosi.

Na faini za barabarani: zinaandikwa kwa namba ya gari, kwa hiyo unaweza kudaiwa za aliyekutangulia. Angalia kwenye `tms.tpf.go.tz` asubuhi ya kupokea gari na ubaki na picha ya majibu. Bima ithibitishe kwenye `tiramis.tira.go.tz`. Stika peke yake haitoshi.

Hatua ya tisa: amua gari moja moja, na uweke tarehe ya kuamua tena

Yule mama alinunua gari la kwanza kwa mkopo. La pili alilikodi mwezi kwa mwezi kwa milioni 1.75, bei aliyoilalamikia kila nilipomwona. Tuliweka tarehe: mwezi wa tano tangu aanze kukodi, kabla ya mkataba wa hoteli kwisha, daftari lifunguliwe upya.

Mwezi wa tano hoteli ziliongeza miezi mitatu tu. Akaendelea kukodi. Mwezi wa tisa ndipo wakasaini mwaka mzima, na yeye akanipigia kwa hasira: "Nimeshawalipa karibu milioni 16. Si ningenunua tangu mwanzo?"

Angenunua mwanzoni na hoteli zikaondoka mwezi wa tisa, angekuwa ametumia kama milioni 16.6. Alichokilipia ni ruhusa ya kutojua. Zile 16 zimeshakwenda, haziingii tena kwenye hesabu. Hesabu inaanza upya na miezi iliyo mbele, na safari hii kumi na miwili ilikuwa na sahihi. Sasa kununua kulishinda.

Kabla hajaenda yadi, nilimwambia awaulize wenye gari kama wanaliuza hilohilo alilokuwa nalo. Daftari la sevisi lilikuwepo, dereva alijua kila mlio wake, na wao wasingeingia gharama ya kulitangaza. Walipunguza milioni 2. Siku ya kulipa alikwenda na fundi, na kitu cha kwanza walichofanya ni kunyanyua zulia.